Kabla Wasifu Wako Haujafika kwa Mteja wa Wakala

Mtu aliye kazini akipigiwa simu na wakala wa ajira, karibu kila mara husema jambo moja kabla ya kukata: "Ila naomba iwe siri." Wakala naye hujibu, "Ondoa shaka kabisa." Wote wawili wanasema kweli, lakini hawajakubaliana. Mtafuta kazi ana maana kwamba bosi wake asijue, wenzake wasijue, na kampuni ambazo hajazikubali zisilione jina lake. Wakala ana maana kwamba hatampigia bosi simu. Nafasi iliyopo kati ya maana hizo mbili ni kubwa, na huko ndiko siri nyingi zinakopotelea.

Nimefanya kazi upande wa mawakala kwa miaka, na sasa mara nyingi zaidi naketi na watu wanaotafuta kazi huku wakiwa bado kazini. Nilichokiona pande zote mbili ni kwamba siri huvuja mara chache kwa ubaya wa mtu. Huvuja kwa sababu kazi ya wakala ina mwendo wake wa kila siku, na asiyeujua mwendo huo huomba kitu ambacho wakala anaweza kukitimiza neno kwa neno na bado akamletea madhara. Ndiyo maana ningependa nieleze kwanza wakala anavyofanya kazi, kisha ombi lenyewe liandikweje na liandikwe lini.

Wakala halipwi na wewe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa katika mazingira machache yaliyoruhusiwa, na unamtaka pia alinde taarifa binafsi za mfanyakazi na kuheshimu faragha yake. Anayemlipa wakala ni mwajiri mwenye nafasi, na kwa kawaida malipo ni asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu aliyeajiriwa. Wapo mawakala wanaolipwa sehemu ya fedha mapema ili watafute mtu kwa utulivu, hasa kwa nafasi za juu. Lakini wengi hulipwa pale tu mtu wao anapoajiriwa, na nafasi hiyo hiyo huwa imegawiwa mawakala wengine kadhaa. Katika mashindano hayo, anayeufikisha wasifu wa mtu kwa mteja kwanza ndiye kwa kawaida anayehesabiwa kuwa amemleta. Mwingine akiuleta wasifu huo huo kesho yake, hana chake.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini wasifu hutumwa haraka hivyo. Wakala aliyezungumza nawe asubuhi anaweza kuwa ameshautuma kabla ya jioni, wakati wewe hata jina la kampuni hujaambiwa. Na kwa mtazamo wake hajavunja siri yoyote, kwani kukutafutia kazi ndiko mlikozungumzia. Tatizo ni kwamba kampuni iliyoupokea inaweza kuwa kampuni dada ya mwajiri wako. Inaweza kuwa na meneja aliyewahi kufanya kazi na bosi wako. Na inaweza kuwa ni mwajiri wako mwenyewe, kwa sababu kampuni kubwa hutangaza nafasi kupitia mawakala bila kutaja jina, na si kila wakala hukumbuka kulinganisha jina la mteja na jina la mwajiri lililoko juu ya wasifu.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa nje hawalioni. Wasifu wako ukifika, huingia kwenye hifadhidata ya ofisi nzima. Uliyemwambia "iwe siri" ni mmoja. Mwenzake wa meza ya pili, anayetafuta mtu kwa mteja mwingine kabisa, anakuona kwenye skrini kama mtu mwenye sifa zinazofaa, na hana habari yoyote ya mazungumzo yenu. Ahadi ya mdomo haimfikii. Kinachomfikia ni maandishi yaliyomo kwenye faili lako.

La tatu ni nyeti zaidi, nalo linahusu kishawishi. Kwa wakala, mtu anayetaka kuondoka kazini ni habari ya biashara, kwa kuwa nafasi iko njiani kubaki wazi na atakayewahi kumpigia mkuu wa idara ana nafasi ya kuijaza. Ndiyo maana katika mazungumzo ya kwanza unaweza kuulizwa maswali yanayosikika ya kawaida tu: unaripoti kwa nani, idara yenu ina watu wangapi, kampuni nyingine zipi zinakufanyia usaili, wadhamini wako ni akina nani na namba zao ni zipi. Wakala mwadilifu ana sababu halali ya kuuliza baadhi ya hayo. Lakini majina na namba za wakuu wako hayahitajiki kabla hujafanya usaili wowote. Anayeyadai siku ya kwanza huenda anajitafutia wateja kupitia kwako, na unaweza kumjibu kwa upole tu: "Majina ya wadhamini nitayatoa nitakapofika hatua ya ofa."

Kwa hiyo ombi la siri, likitaka kufanya kazi, linapaswa kusema nani asiambiwe, nani aombe ruhusa kwanza, na ruhusa hiyo itolewe vipi. Na lifike kabla ya wasifu. Wakati huo ndio una nguvu, kwa sababu wakala bado anakihitaji kitu ulichonacho mkononi. Ukishautuma, ombi lako linakuwa kumsihi tu. Ujumbe ninaowashauri watu waandike unakwenda hivi:

"Habari za leo, na asante kwa simu. Bado niko kazini na mwajiri wangu hajui kwamba naangalia nafasi nyingine, kwa hiyo naomba tukubaliane haya kabla sijakutumia wasifu. Tafadhali usiutume wasifu wangu wala kutaja jina langu kwa kampuni yoyote kabla hujanitajia kampuni na nafasi yenyewe, nami nikakujibu kwa maandishi kwamba nimekubali. Tafadhali usiwasiliane na mwajiri wangu wa sasa, kampuni zilizo chini yake au dada zake, wala mtu yeyote anayefanya kazi huko, kwa sababu yoyote ile, hadi nitakapokuruhusu kwa maandishi. Naomba uyaandike haya kwenye kumbukumbu zangu ofisini kwenu ili wenzako wayaone, na umjulishe pia kila mteja utakayempelekea jina langu. Unaweza kunipata kwa namba hii na barua pepe hii tu, baada ya saa za kazi. Ukinijibu kwamba tumekubaliana, nitakutumia wasifu leo."

Hakuna mapambo hapo, na kila sentensi ina kazi yake. Ruhusa ya kila kampuni na kila nafasi inazuia wasifu kusambazwa, na faida yake ya pili ni kwamba mawakala wawili hawatakupeleka mahali pamoja. Hilo likitokea, kampuni nyingi humwacha mwombaji huyo kuliko kuingia kwenye ugomvi wa ada. Maneno "kwa sababu yoyote ile" yanafunga mlango wa wakala kumpigia mkuu wako kwa jambo lingine, kisha akateleza. Sentensi ya kumbukumbu za ofisi ni kwa ajili ya yule wa meza ya pili. Ile inayomtaja mteja ni muhimu kuliko zote, na watu karibu wote huisahau. Wakala anaweza kuifunga midomo ya ofisi yake, lakini hawezi kufunga ya mteja ambaye hakuambiwa chochote.

Katika baadhi ya nchi sheria inakuunga mkono moja kwa moja. Uingereza, kwa mfano, ina kanuni za mwaka 2003 zinazoongoza mawakala wa ajira, na kanuni ya 28 inamkataza wakala kutoa taarifa za mtafuta kazi kwa mwajiri wake wa sasa bila idhini yake ya awali. Hata hivyo usiiegemee sheria sana. Hukumu haikurudishii utulivu wa kazi uliyokuwa nayo. Jibu la "tumekubaliana" lililoandikwa kabla ya jambo lolote kutokea lina thamani kubwa kuliko malalamiko yanayoandikwa baadaye.

Wakala akisita, sikiliza sababu. Mara nyingine mteja ndiye aliyeomba jina lake lifichwe, kwa mfano kwa kuwa aliyeko kwenye nafasi hiyo hajaambiwa kwamba anabadilishwa. Hapo mnaweza kukutana katikati. Mtajie wewe kampuni ambazo jina lako lisifike kamwe, naye akuthibitishie kwamba mteja si mmojawapo. Au wasifu uende kwanza bila jina lako na bila jina la mwajiri, ukisema "kampuni kubwa ya usambazaji" badala ya kuitaja. Hapo kuwa makini na mambo mawili. Maelezo yakiwa mahususi mno, kila mtu wa sekta hiyo atakutambua hata bila jina. Na faili lenyewe hubeba taarifa zake: hati iliyoandikwa kwa kompyuta ya ofisi inaweza kuwa na jina lako na la kampuni kwenye sehemu ya mwandishi, na hayo hayaonekani kwenye ukurasa. Andika wasifu kwa kifaa chako mwenyewe, kisha fungua sifa za faili uhakikishe kabla ya kulituma.

Wanaotumia LinkedIn nao wajue kwamba alama ya "Open to Work" ina namna mbili. Moja huonekana kwa kila mtu, nyingine kwa wanaotafuta watu wa kuajiri peke yao. Kwa hiyo ya pili, mtandao huo hujitahidi kukuficha kwa wanaotafuta watu kwa niaba ya kampuni yako, lakini wenyewe wanasema hawawezi kukuhakikishia faragha kamili. Kwa mtu ambaye sekta yake ni ndogo, mimi naona ni heri kuiacha.

Sasa nieleze kisa kimoja kwa marefu, kwa sababu hatua zenyewe ndizo zinazofundisha. Dada mmoja ninayemfahamu alikuwa msimamizi wa ununuzi katika kampuni ya vifaa vya ujenzi. Ununuzi ni kazi ya kujulikana. Wauzaji wote wanamjua, na wauzaji hao wanazungumza na bosi wake kila wiki. Wakala alimpigia kuhusu nafasi kwenye kiwanda fulani, naye akatuma ujumbe wa namna ile kabla ya wasifu. Wakala akajibu kwamba amekubali, akataja kiwanda. Kumbe kiwanda hicho kilikuwa muuzaji mkubwa wa kampuni yake.

Hapo angeweza kukataa, na wengi wangekataa. Yeye aliuliza maswali mawili. La kwanza: kati ya kiwanda na kampuni yake, kuna makubaliano ya kutochukuliana wafanyakazi? Wafanyabiashara wanaotegemeana huwa na kifungu kama hicho kwenye mikataba yao, na kikiwepo, mtu wa kiwandani anaweza kuona ni ustaarabu ampigie bosi wake aombe ruhusa. Simu hiyo ya heshima ingemaliza siri yote. Wakala alikwenda kuuliza bila kumtaja jina, akasema tu mgombea anatoka kwa mmoja wa wateja wao, na jibu likaja kwamba hakuna kifungu cha namna hiyo. Swali la pili: ni nani hasa watakaouona wasifu? Aliambiwa ni ofisa wa rasilimali watu na mkuu wa ununuzi. Akaomba idara ya mauzo isihusishwe, kwa kuwa mkuu wa mauzo ndiye aliyekuwa na mazoea na bosi wake. Mteja alikubali, na wakala akayaandika hayo kwenye barua pepe aliyoambatanisha na wasifu.

Kuuliza ni nani watakaouona wasifu ndilo jambo ningependa kila mtu alichukue kutoka kwenye kisa hiki. Kampuni ni kubwa, na "kampuni itaona" ni maneno yasiyoonyesha chochote. Watu ndio wanaoona, na watu wana marafiki. Uvujaji ulio mgumu kuzuia ni huu: meneja anayeajiri anaona kwenye wasifu jina la kampuni anayofanya kazi rafiki yake, anachukua simu na kumuuliza, "Huyu mtu wenu yukoje?" Hana nia mbaya. Anadhani anafanya uchunguzi wa busara. Hakuna fomu inayomzuia, na wakala hayupo chumbani. Kinachoweza kumzuia ni kuambiwa mapema, na kuambiwa tena kwenye usaili. Yule dada alisema mwishoni mwa usaili wa kwanza, "Naomba mfahamu kwamba ofisini kwangu hawajui. Mkihitaji mtu wa kunizungumzia, niulizeni mimi, nitawapa watu wanaonijua vizuri." Ni sentensi fupi, na hakuna msaili mwenye akili anayemwona mgombea kuwa mbaya kwa kuisema. Wengi wao wamewahi kuwa kwenye hali hiyo.

Mialiko ya usaili nayo inastahili neno moja. Alimwomba wakala asimwekee tukio kwenye kalenda, bali aandike saa kwenye ujumbe. Simu yake ilikuwa na barua pepe ya ofisi na yake binafsi ndani ya programu moja, na mwaliko ukikubaliwa kwa akaunti isiyo sahihi unaweza kukaa kwenye kalenda ambayo ofisi nzima inaiona.

Baada ya usaili wa pili kiwanda kiliomba wadhamini wawili, na mmoja awe msimamizi wake wa sasa. Hili huombwa mara nyingi kwa mazoea tu, na wengi hutoa jina kwa hofu kwamba kukataa kutaleta shaka. Yeye alijibu kwamba msimamizi wa sasa anaweza kuulizwa baada ya notisi, na kwa sasa anatoa mkuu wake wa kazi iliyotangulia, pamoja na meneja aliyefanya naye kazi hapo hapo alipo lakini ambaye ameshahama. Huyo wa pili ni mdhamini mzuri sana, kwa sababu anaijua kazi yako ya sasa bila kuwa chini ya mwajiri wako. Lakini ana hatari yake: bado anapiga soga na wenzake wa zamani. Kwa hiyo alimpigia kwanza, akamweleza hali, akamwomba asilizungumze hata kwa wale anaowaamini.

Kisha ikaja ofa, na hapa ndipo mahali ambapo nimeona watu waangalifu kabisa wakiumia, kwa kuwa wanadhani safari imekwisha. Barua ya ofa ilisema ajira itategemea uthibitisho wa taarifa zake. Kazi ya uthibitisho ilikuwa imepewa kampuni nyingine, ambayo haikuwahi kusoma ujumbe wowote kati yake na wakala. Ilimtumia fomu ya mtandaoni. Juu kulikuwa na swali: tunaweza kuwasiliana na mwajiri wako wa sasa? Alichagua hapana. Chini kabisa kulikuwa na idhini ya kutia saini, yenye maneno ya kwamba anawaruhusu waajiri wake wote, wa sasa na wa zamani, kutoa taarifa zake. Na katikati kulikuwa na nafasi ya lazima ya jina, simu na barua pepe ya ofisa wa rasilimali watu wa mwajiri wa sasa. Usipoijaza, fomu haiendi.

Tazama fomu hiyo inavyojipinga yenyewe. Kisanduku cha juu kinasema hapana, saini ya chini inasema ndiyo, na anwani ya kutumia iko tayari katikati. Anayesoma kisanduku si lazima awe ndiye anayepiga simu. Mahali pengine barua pepe ya kuomba uthibitisho hutumwa na mfumo wenyewe mara fomu inapopokelewa. Watu wengine hushauri ujaze barua pepe yako binafsi kwenye nafasi ya ofisa. Mimi nakataa kabisa. Ikionekana, itasomwa kama udanganyifu, na ofa inaweza kufutwa kwa haki.

Alichofanya ni kuacha fomu bila kuituma na kupiga simu. Aliyepokea alimwambia jambo ambalo fomu haikulisema, kwamba wanaweza kuuweka kando uthibitisho wa mwajiri wa sasa na kuufungua kwa tarehe atakayoitoa mgombea. Aliomba aandikiwe hilo. Kisha akaandika barua pepe moja kwa kampuni ya uthibitisho, kwa ofisa wa kiwandani na kwa wakala kwa pamoja, ili pasiwe na anayesema hakujua. Aliandika kwamba idhini yake inawahusu waajiri wa zamani tu. Kwamba kwa mwajiri wa sasa anaambatanisha nakala ya barua yake ya ajira na slipu za mshahara za karibuni, namba ya akaunti ya benki ikiwa imefunikwa. Na kwamba mwajiri huyo atawasilianwa naye tu baada ya yeye kutoa ruhusa ya maandishi yenye tarehe. Nyaraka alizotoa zilikuwa zake binafsi. Hakugusa ripoti wala karatasi yoyote ya ndani ya kampuni, maana hilo lingekuwa kosa la kinidhamu lenyewe.

Kilibaki kifungu kimoja, na ndicho kilichomnyima usingizi. Ikiwa ofa inategemea maoni ya bosi wa sasa, na bosi ataulizwa baada ya notisi, basi mtu anajikuta ameacha kazi kabla hajaipata nyingine, huku hatima yake iko mikononi mwa mtu aliyetoka kukasirishwa. Aliomba barua ya ofa irekebishwe. Ukaguzi wa waajiri wa zamani, wadhamini na vyeti ukamilike kwanza na athibitishiwe kwa maandishi kwamba umekamilika. Kitakachobaki kwa mwajiri wa sasa kiwe ni tarehe za ajira na cheo, mambo mawili ambayo slipu na barua zilikwisha yaonyesha na ambayo hayategemei hasira ya mtu. Kiwanda kilikubali bila ubishi. Si kila mwajiri anaweza kukubali hivyo. Kazi za watoto, za ulinzi na baadhi ya nafasi kwenye taasisi za fedha zina taratibu zinazodai maelezo zaidi kutoka kwa mwajiri wa mwisho. Hata huko, kinachojadilika ni wakati: mwajiri huyo aulizwe lini, na nini kiwe kimeshakamilika kabla ya hapo.

Je, ikivuja njiani? Dalili huwa ni ndogo: mkuu anauliza ghafla kuhusu mipango yako ya mwakani, mwenzako anakutania kuhusu kampuni ambayo hukuitaja kwa mtu, au unaondolewa kwenye mradi wa muda mrefu bila maelezo. Usianze kwa kumshambulia wakala. Mwandikie ukiuliza jina lako limefika kwa nani na lini, na umtake asimamishe kila kitu hadi ajibu. Wakala aliyefuata makubaliano ataleta orodha fupi haraka, kwani kila jina kwenye orodha hiyo ulilikubali wewe. Anayezungukazunguka ameshakujibu, nawe mwambie akufute kwenye hifadhidata yake na akuthibitishie. Bosi akikuuliza uso kwa uso, usikane. Mtu akikana leo na kutoa notisi mwezi ujao, kitakachokumbukwa ni uongo, na huyo huyo ndiye atakayepigiwa simu kuthibitisha tarehe zako. Inatosha kusema kwamba ulipigiwa simu kuhusu nafasi na ukasikiliza, hakuna uamuzi wowote uliofanya, na kazi zako zinaendelea. Kama hayo ndiyo yaliyotokea, huna la kuficha zaidi.

Yule dada hakufika huko. Alipopokea uthibitisho kwamba ukaguzi mwingine wote umekwisha na barua mpya ikatiwa saini na pande zote mbili, alimpelekea bosi wake notisi mkononi, asubuhi, ili aisikie kwanza kutoka kwake. Mchana aliwaandikia wale watatu kwa pamoja: kuanzia kesho mnaweza kuwasiliana na mwajiri wangu wa sasa kuthibitisha tarehe za ajira na cheo changu, kupitia ofisa huyu, kwa namba hii. Wakala alimpigia jioni kumpongeza, kisha akamuuliza kama anaweza sasa kumtafuta bosi wake kuhusu nafasi inayobaki wazi. Alimruhusu, kwa sharti kwamba asubiri hadi wiki yake ya mwisho kazini, na wakala akaliandika hilo pia.